Sekunde ya Arobaini na Moja

Mtaa mzima ulimwita baba yangu Dakika Kumi, na jina hilo alilipata kwa haki. Ukimpelekea kiatu kilichoachama mdomo, anakwambia dakika kumi. Ukimpelekea soli peke yake, kiatu chenyewe umekisahau nyumbani, dakika kumi. Watu walikwenda sokoni, wakanunua, wakapiga soga, wakarudi baada ya saa mbili na kumkuta bado anavuta uzi kwa meno. Bila kuinua macho aliwaambia zimebaki kumi.

Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu. Mtu mrefu hakuweza kusimama wima mle ndani, na baba hakuwa mrefu. Alikuwa na kigoda, kopo la gundi, msharasi wa kutobolea ngozi wenye mpini uliolainika kwa kushikwa, na kalibu za mbao za kuundia viatu alizozinunua siku kiwanda cha viatu kilipofungwa. Kiwanda hicho alikitumikia miaka kumi na tisa. Mashine ziliuzwa kama vyuma chakavu, wenzake wakatawanyika, yeye akabeba kalibu zake kwenye gunia na kuhamia chini ya ngazi.

Mama alifariki nikiwa darasa la pili. Baba alinisuka nywele mwenyewe, kwa vidole vilivyozoea ngozi ya ng'ombe, na shuleni waliniita Soli mpaka namaliza. Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao, na nilipokuwa mkubwa nikawa kweli mama wa nyumba ile: mimi, yeye, na shangazi, dada yake, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima.

Nayasema haya ili ujue nilikuwa natoka wapi. Kwa sababu yatakayofuata yananihusu mimi zaidi kuliko yeye, na sitajipaka rangi.

Kazi yangu ni kuendesha kurasa za watu mtandaoni. Tuko watatu katika chumba kimoja juu ya duka la mabomba: mimi, mpiga picha, na bosi wetu tunayemwita Mtaalamu, jina alilojipa mwenyewe tukachoka kulipinga. Tunaendesha ukurasa wa duka la magodoro, wa kliniki ya meno, na wa muuza vigae. Siku yangu ya kwanza Mtaalamu alinikalisha mbele ya simu na kuniuliza swali moja.

"Ukifungua hapa, unadhani unachokiona cha kwanza ni cha mwisho kuwekwa?"

"Ndiyo."

"Sahau. Zamani ilikuwa hivyo. Sasa kuna maelfu ya vitu vinavyokusubiri, na mashine inakisia kwa kila kimoja: huyu dada atakitazama mpaka mwisho? Atakilaiki? Atakisevu? Atamtumia mwenzake? Inajumlisha makisio hayo, chenye alama kubwa kinakaa juu. Mimi nikifungua yangu, naona vingine kabisa."

"Kwa hiyo inajua kipi ni kizuri."

"Haijui kizuri wala kibaya. Inakujua wewe, na inakujua kwa ulichokifanya jana."

Alinieleza pia kwamba laiki ni rahisi, mtu huigawa kama salamu za njiani. Muda ndio mzito. Mtu akibaki sekunde thelathini hakukuambia kitu kwa mdomo, lakini kidole chake kimetulia, na mashine imehesabu. Akirudia kutazama, bora zaidi. Na akisevu, amesema nitarudi. Kitu kipya kinaonyeshwa kwanza kwa watu wachache. Wakikaa nacho, kinapelekwa kwa wengi zaidi. Wakikipita, kinafia hapo hapo. Uzito wa kila kimoja hata yeye hakuujua, kwa sababu wenye mtandao hawausemi wote na huubadilisha wanapotaka. Nilielewa haraka. Ningekuwa mzito wa kuelewa, labda leo baba angekuwa chini ya ngazi zake.

Nilianza kumrekodi kama mchezo. Baada ya kazi napita kibandani, naegemeza simu kwenye kopo la gundi, namwambia, "Baba, tazama hapa." Anaeleza jinsi ya kukausha kiatu kilicholoa bila kukipasua, au jinsi ya kujua ngozi ya kweli kwa kuikunja. Watu walizisevu sana zile, na ukurasa ukakua. Mwisho wa kila video alinyoosha mgongo, akaniangalia mimi nyuma ya simu, akasema, "Haya, zima, mama, twende nyumbani."

Hiyo sentensi nilikuwa naikata. Kila mara. Mkia wa video ndiko watu wanakoondokea, na ukikata pale pale penye utamu, video inaanza tena kabla mtu hajagundua, na kule kurudia kunahesabiwa. Ndivyo tulivyofanya kwa magodoro, ndivyo nilivyofanya kwa baba.

Kisha akaanza kusahau. Si yale ya dakika kumi, hayo yalikuwa maringo ya fundi. Alianza kuandika herufi za mteja kwa chaki chini ya kiatu, halafu hakumbuki herufi ni za nani. Siku moja alimpa mwalimu wa kike buti za mlinzi. Shangazi akasema, "Kaka yangu anapotea akiwa amekaa." Nikamjibu kwamba ni uzee tu. Daktari wa zahanati alituandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, na barua ile tuliiweka nyuma ya kioo cha kabati.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa narekodi alipoinua kiatu cha kushoto, akakigeuza, akamkaripia mteja: "Sasa mguu mwingine uko wapi? Nitashona hewa?" Mteja akacheka, akanyoosha kidole. Kiatu cha kulia kilikuwa katika mkono wa pili wa baba mwenyewe. Baba akakitazama. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho mimi binti yake nilikiona na nikakitambua. Kisha akacheka na yeye, kwa adabu tu, kama mtu aliyechelewa kuelewa utani.

Nikaukata mkia, nikaiweka video ukurasani.

Sitaki mtu aniambie sikujua. Nilijua. Video ilikuwa na sekunde kumi na moja, na watu waliirudia mara tatu, mara nne, kuona kile kiatu mkononi. Ilifika kwa watu milioni moja na zaidi. Wageni walichukua sauti ya baba, "mguu mwingine uko wapi", wakaibandika kwenye video zao: mtu anatafuta miwani iko kichwani, mwingine anatafuta mtoto kambeba mgongoni. Mtaalamu alinipigia makofi ofisini. Baba alifurahi watu walipomsalimia barabarani, ingawa hakujua wanamjulia wapi.

Baadaye nikaona aibu. Kila nikifungua simu, ni sauti ya baba juu ya uso wa mtu mwingine anayecheka. Nikaanza kubonyeza kitufe cha Sivutiwi. Ilipotokea nyingine, Sivutiwi. Nilifanya hivyo kwa wiki mbili hivi, kwa hasira, mpaka simu ikanyamaza. Mashine ilikuwa imenielewa: huyu dada hataki kumwona huyu mzee. Nikapumua.

Jumatatu moja baba alifunga kibanda mchana na hakurudi nyumbani.

Tulimtafuta kwa miguu kwanza, mimi na fundi saa mwenye meza jirani na kibanda chake. Tukaenda kituo cha polisi, wakaandika. Tukazunguka hospitali. Jioni nikaweka tangazo kwenye ukurasa wake: picha, shati la mistari, suruali ya kahawia, anatembea akiinama kidogo upande wa kulia, namba ya simu yangu. Nikakaa kitandani nalisubiri liende.

Halikwenda. Mimi, mwenye kazi hii, nilikaa nikitazama tangazo la baba yangu likizama. Hesabu zilikuwa wazi. Ilikuwa picha yenye maneno. Mtu anaisoma sekunde mbili, anasema masikini, anapita. Na hakuna aliyebonyeza moyo. Nani atabonyeza kiduara chenye moyo mwekundu juu ya msiba wa mwenzake? Watu wetu wana adabu. Wafuasi wetu walinihurumia kimoyomoyo, na huruma ya kimoyomoyo mashine haiioni. Iliwaona watu wamepita haraka, hawakupenda, hawakusevu, ikahitimisha kwamba wengine pia hawatataka. Chini yake, ile ya kiatu ilikuwa bado inatembea.

Jumanne asubuhi Mtaalamu alinifuata mezani. Kwa mara ya kwanza hakuwa na kelele.

"Tengeneza video. Anza na kiatu, wakicheka, sekunde ya nne waambie amepotea. Watakaa. Na waombe waisevu na kuituma, usiwaombe moyo."

"Sitamchekesha baba yangu akiwa amepotea."

"Ulimchekesha akiwa yupo."

Nilimtukana. Nilimwambia maneno ambayo shangazi yangu pekee ndiye angeyaona ya kawaida. Yeye akarudi kwenye kiti chake, akaweka tangazo langu kwenye kurasa zote tatu, magodoro, meno na vigae, ambako watu wa magodoro walilipita kama walivyolipita wengine. Nilikuwa na kiburi, na kiburi kile kilikula siku tatu. Ijumaa nilimfuata mwenyewe nikamwambia tufanye alivyosema, na tukafanya, machozi yakinidondoka juu ya kipanya cha kompyuta.

Jumamosi asubuhi fundi saa alikuja nyumbani akiwa na mfuko wa machungwa. Alikuwa anatabasamu.

"Shemeji, hongereni," alimwambia shangazi, maana ndivyo anavyomwita kwa utani miaka yote. "Nashukuru Mungu mzee amepatikana."

Shangazi alishika ukuta. "Amepatikana wapi?"

"Si nimemwona kwenye simu? Juzi Alhamisi. Yupo stendi ya mabasi, anaongea na watu, wanacheka. Nikasema alhamdulillah, Dakika Kumi karudi kwenye kazi yake. Hata moyo nilibonyeza."

Nilimnyang'anya simu. Nilikuwa nimeitafuta sura ya baba yangu siku tano, barabarani, wodini, na kwenye simu yangu mwenyewe, na yeye alikuwa nayo mfukoni tangu juzi. Video iliwekwa na muuza maji wa stendi. Juu yake ameandika: NIMEMKUTA MZEE WA MGUU MWINGINE LAIVU. Ameweka na ile sauti kwa chini. Watu laki mbili na arobaini elfu walikuwa wameiona. Iliwekwa Jumanne, saa nne asubuhi.

Jumanne. Fundi saa aliiona Alhamisi akadhani ni ya Alhamisi. Wengine, nilikuja kujua, waliiona wakadhani ni ya zamani. Walioliona tangazo kwanza walidhani keshapatikana. Katika maoni, chini kabisa, mtu mmoja alikuwa ameuliza, "Huyu si anatafutwa?" Juu yake kulikuwa na vichekesho mia sita vyenye laiki zaidi, na maoni nayo yanapangwa hivyo hivyo.

Na mimi sikuonyeshwa. Laki mbili na arobaini elfu walimwona baba yangu, mimi sikuonyeshwa, kwa sababu nilishaiambia simu kwa kidole changu mwenyewe, mara kumi, mara ishirini, kwamba simtaki.

Mimi na fundi saa tulifika stendi kabla ya saa sita. Muuza maji alikuwa kijana, ndoo kichwani, na aliponiona alijua mimi ni nani kwa sababu nilikuwa nalia.

"Dada, nisamehe," alisema. "Tangazo lenu nimeliona leo asubuhi, lile la kuanza na kiatu. Nilikuwa nataka kupiga ile namba yenu."

"Lile la kwanza hukuliona? La Jumatatu?"

"Wallahi sikuliona. Mimi simu yangu ni vichekesho tu. Ndivyo vinavyoniletea." Alifuta uso kwa shati. "Ningeliona Jumanne ningemshika mkono mzee, ningemkalisha hapa hapa kwenye ndoo."

Nilimwamini. Mpaka leo namwamini, na hiyo ndiyo inayoniuma, kwamba sina mtu wa kumchukia.

"Alikwenda wapi?"

"Aliuliza gari la kiwandani. Kiwanda cha viatu. Watu wakacheka, maana kiwanda hicho mimi sijakiona kikifanya kazi. Lakini konda mmoja akampandisha bure, kamtambua, akapiga naye picha."

Tulikwenda kiwandani. Ni ukuta mrefu, geti lenye kutu, na ndani majani yanayofika kiunoni. Mlinzi wa ghala la jirani alisema ndiyo, Jumanne mchana mzee alikuja akagonga geti, akasema amechelewa zamu. Aligonga sana. Mlinzi akamwambia baba, hapa pamefungwa, akamjibu sawa, nitasubiri, dakika kumi tu. Akakaa chini kwenye kivuli cha ukuta. Mlinzi alipokwenda kula na kurudi, hakumkuta.

Hapo ndipo alama zilipoishia. Polisi walikuja na mbwa, wakazunguka majani, wakakuta kiatu kimoja. Cha kushoto. Nilikitambua kwa mshono wake mwenyewe, maana hakuna fundi mwingine anayerudisha uzi mara mbili kisiginoni. Wakaniuliza kama nina uhakika, nikawaambia nina uhakika. Nikakaa chini pale alipokaa yeye.

Imepita miezi saba. Shangazi bado anapakua sahani tatu, halafu anarudisha moja, halafu ananilaumu mimi kwa kumwangalia. Barua ya hospitali kubwa bado iko nyuma ya kioo cha kabati. Kazi niliiacha wiki mbili nikairudia, maana magodoro hayajui msiba. Nawapangia video za sekunde kumi na moja na kukata mikia.

Video ya muuza maji sikuitazama mpaka mwisho siku ile ya fundi saa. Nilitazama tarehe, stendi, shati, nikakimbia. Nilikuja kuitazama yote wiki iliyofuata, nimekaa kibandani kwenye kigoda chake. Ina sekunde arobaini na nane. Muuza maji si mtu wa kazi hii, hajui kukata. Baba anaulizwa mguu mwingine uko wapi, anainua miguu yote miwili, mmoja baada ya mwingine, watu wanapiga kelele. Anaulizwa tena, anainua tena. Muuza maji alinionyesha takwimu zake baadaye: wengi waliondoka kabla ya sekunde ya kumi na tano, na ndiyo haki, baada ya hapo hakuna kichekesho. Mzee amesimama tu. Watu wanapungua. Anaiangalia simu iliyo mbele yake.

Kwenye sekunde ya arobaini na moja ananyoosha mgongo. Ananiangalia mimi. Kwake yeye, mtu aliye nyuma ya simu amekuwa mimi kila siku kwa miaka miwili. Atakuwa nani mwingine? Uso wake umechoka, lakini hauna wasiwasi hata kidogo, kwa sababu kazi imekwisha na binti yake yuko pale.

"Haya," anasema. "Zima, mama, twende nyumbani."

Muuza maji anamwuliza mama nani, kisha inakatika na kuanza upya.

Niliisevu. Nikaitazama tena mpaka mwisho, na tena, na kesho yake. Mashine haikuchukua hata siku tatu kubadili mawazo juu yangu. Sasa kila asubuhi nikifungua simu, kabla ya magodoro, kabla ya meno, kabla ya habari za dunia, wa kwanza ni yeye. Wakati mwingine ni watu wenye sauti yake, wakati mwingine ile ya stendi inarudi tena. Imenielewa hatimaye, imejua ninachokitaka kuliko vitu vyote, na inaniletea hicho tu ilicho nacho.

Anasema zima, mama, twende nyumbani. Sizimi. Inaanza upya, anainua miguu yote miwili, watu wanacheka, na mimi nasubiri sekunde arobaini na moja zifike aniite tena.